Pasipoti Kwanza, Viza Baadaye

Wageni wetu wa Ujerumani walipoalika wajumbe kutoka Chinongwe, mmoja wao hakusafiri. Barua ya mwaliko alikuwa nayo na nauli ilikuwepo. Kilichomkwamisha ni tarehe iliyoandikwa ndani ya pasipoti yake. Tunaeleza hapa ilivyotokea, ili kamati nyingine zisirudie kosa hilo.

Ujerumani iko katika eneo la Shengeni. Kwa viza ya muda mfupi, isiyozidi siku 90, pasipoti lazima iwe hai kwa angalau miezi mitatu baada ya siku ya kuondoka katika eneo hilo, na iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita. Mjumbe wetu alipangiwa kufika tarehe 4 Mei na kuondoka tarehe 25 Mei. Pasipoti yake ilikuwa inaisha tarehe 10 Agosti. Yeye alihesabu miezi mitatu tangu siku ya kuingia, akafika 4 Agosti, akaona inatosha. Lakini hesabu huanzia siku ya kuondoka, yaani alihitaji pasipoti inayofika 25 Agosti. Alipungukiwa na siku 15.

Sharti la pili ni kurasa mbili tupu. Ukurasa wenye muhuri hata mmoja mdogo si tupu. Wenzetu wanaovuka mara kwa mara kwenda Msumbiji kupitia daraja la Mtambaswala hugongewa mihuri wakienda na wakirudi, na kurasa hujaa kabla miaka haijaisha. Basi fungueni kitabu na kuhesabu, msitazame tarehe peke yake.

Pasipoti ya Tanzania haiongezewi muda, huombwa mpya. Maombi huanzia kwenye tovuti ya Idara ya Uhamiaji, kisha mwombaji hufika ofisini kuchukuliwa alama za vidole. Gharama ya pasipoti ya kawaida ni shilingi 150,000. Majina katika cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha NIDA yalingane, maana tofauti ya herufi moja huweza kuchelewesha kazi.

Kwa nini kuanza na pasipoti? Kwa sababu mpya huja na namba mpya. Barua ya mwaliko na bima ya safari zikiandikwa kwa namba ya zamani, zitahitaji kurekebishwa. Tena kitabu kikiwa ubalozini kwa ajili ya viza, mwenyewe hawezi kukipeleka Uhamiaji.

Maombi ya viza hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari. Kwa hiyo tumekubaliana hivi: kamati ikishachagua wajumbe, katibu akague kila pasipoti siku hiyohiyo. Nanyi wafadhili, tunawaomba msiandike barua ya mwaliko mpaka tuwatumie namba ya pasipoti itakayotumika.