Ukurasa wa 7 Haukusahihishwa

Testi inaporudishwa darasani, macho hukimbilia namba ya wino mwekundu kwenye jalada. Anayeiona ndogo humgeukia jirani kumuuliza kapata ngapi, na kabla ya kutoka nje ameshaanza kutunga kichwani ujumbe wa malalamiko kwa mhadhiri. Yote hayo yangeweza kusubiri. Ushahidi umo kwenye kijitabu cha majibu, na unapatikana kwa kukifungua ukurasa kwa ukurasa.

Tuchukue mwanafunzi wa mwaka wa pili anayesoma kozi ya Mofolojia ya Kiswahili. Testi ya pili ilikuwa na maswali matatu, kila moja alama 10, naye kapata 18 kati ya 30. Anaanza na hesabu: swali la 1 kapewa 8, la 2 kapewa 7, la 3 kapewa 3. Jumla ni 18, sawa na jalada, kwa hiyo hakuna kosa la kujumlisha. Kinachomkwaza ni ile 3. Swali la 3 lilikuwa na kipengele (a) chenye alama 4, na (b) chenye alama 6, kilichotaka vitenzi vitatu vichanganuliwe mofimu kwa mofimu. Kipengele (a) kiko ukurasa wa 5, kina alama za vema na 3 pembeni. Ukurasa wa 6 aliuacha mtupu. Kipengele (b) kiko ukurasa wa 7, ambako *walimpigia* kakigawa wa-li-m-pig-i-a na kueleza kila kipande, na hapo hakuna hata nukta ya wino mwekundu.

Hapo ndipo pa kukazia macho. Mhadhiri aliyesoma jibu akaliona halifai huacha dalili: mkwaju wa kukata, alama ya kosa, au sifuri pembeni. Ukurasa usio na chochote kwa kawaida ni ukurasa uliorukwa, hasa ukitanguliwa na ukurasa mtupu. Mtu mwenye rundo la vijitabu mezani akiona ukurasa mweupe hudhani majibu yameishia hapo.

Sasa anaweza kuandika. Anatumia anwani yake ya chuo, na kwenye nafasi ya mada anaweka: "Ombi la kuangaliwa swali la 3(b), Testi ya 2, Mofolojia ya Kiswahili". Barua yenyewe ni hii:

"Shikamoo Dk.,

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili katika kozi yako ya Mofolojia ya Kiswahili. Nimepokea kijitabu changu cha Testi ya 2, ambacho kina alama 18 kati ya 30.

Katika swali la 3 nimepewa alama 3, ambazo zimeandikwa pembeni mwa kipengele (a), ukurasa wa 5. Jibu langu la kipengele (b) liko ukurasa wa 7, baada ya ukurasa mtupu niliouacha, na sioni alama yoyote ya usahihishaji hapo. Huenda halikuonekana kwa sababu ya nafasi hiyo.

Naomba, utakapopata nafasi, uuangalie ukurasa huo. Nimeambatisha picha za jalada na za ukurasa wa 5 hadi wa 7, na kijitabu halisi ninacho. Naweza kukileta ofisini saa utakayopanga.

Ahsante kwa muda wako."

Chini anaweka jina kamili, namba ya usajili na kundi lake la semina. Basi.

Heshima ya barua hii haiko kwenye Shikamoo peke yake, ingawa kwa anayemwamkia mhadhiri wake hivyo kila siku, kuiacha kungekuwa ukavu. Imo zaidi katika kumpunguzia msomaji kazi. Mhadhiri anajua kozi gani, testi ipi, swali lipi, ukurasa upi, na anaweza kuhakiki kwa picha tatu nne bila kuuliza swali la ziada. Nimeona barua zenye aya nzima ya salamu na pole za majukumu, ambazo mwishoni husema tu "maksi zangu si sahihi". Hiyo haimheshimu mtu, inampa kazi ya upelelezi.

Mwanafunzi huyu pia hakudai alama 6. Hajui majibu yake yana thamani gani. Anachojua ni kwamba hayajasomwa, na hicho ndicho anachoomba. Akisema "nastahili 24" amehamisha mazungumzo kutoka kwenye ukurasa kwenda kwenye ubishi.

Kuna sentensi moja iliyozoeleka ambayo ningemshauri aiepuke kabisa: "Naomba unisaidie." Kwenye duka ni adabu. Kwenye suala la maksi inasikika kama ombi la fadhila, na fadhila huzua swali la malipo. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya Tanzania, ya mwaka 2007, ina kifungu cha 25 kinachohusu rushwa ya ngono, na vyuo vina sababu ya kukijua. Ombi lililoandikwa, lenye tarehe, likitaja kosa linaloonekana kwa macho, linamlinda mwanafunzi, na linamlinda mhadhiri pia. Ndiyo maana ninapendelea barua pepe kuliko ujumbe wa WhatsApp saa nne usiku.

Kumtaja mwenzako nako ni hatari. "Fulani kaandika kama mimi kapata 25" humfanya mhadhiri atake kuona kijitabu cha fulani, na huenda aliyezidishiwa ni yeye.

Hali hubadilika kama ukurasa umesahihishwa na unachobisha ni uamuzi. Tuseme mhadhiri amekata kipande -i- cha *walimpigia*, nawe unaamini ni mofimu ya kauli ya kutendea. Hapo usiombe maksi kwanza. Uliza mwongozo wa usahihishaji ulitaka nini kwenye kipande hicho, na utaje ukurasa wa kitabu au mhadhara ulioutegemea. Ujue pia kwamba jibu likisomwa upya, alama inaweza kushuka.

Muda nao una mipaka. Alama za testi ni rahisi kurekebishwa kabla hazijapelekwa idarani. Mtihani wa mwisho ni habari nyingine: kijitabu kwa kawaida hakirudishwi kwa mwanafunzi, na matokeo yakishapitishwa na vikao vya chuo, mhadhiri hawezi kuyabadilisha peke yake. Huko kuna rufaa, yenye muda wake na mara nyingi ada yake, kama kanuni za chuo zinavyoeleza. Barua pepe kwa mhadhiri haisimamishi saa ya rufaa.

Turudi kwa mwanafunzi wetu. Tuseme wiki imepita kimya. Anajibu kwenye barua ileile, sentensi mbili tu: anakumbusha ombi, anauliza kama apeleke kijitabu ofisini. Mkuu wa idara bado haingizwi. Mhadhiri anamwita, anasoma ukurasa wa 7, anampa 4 kati ya 6: kitenzi cha tatu alikichanganua vibaya. Testi inakuwa 22. Kama testi hiyo inabeba 15 kati ya alama 40 za kozi nje ya mtihani, 9 yake imekuwa 11.

Anaandika shukrani fupi akitaja alama mpya, "22 badala ya 18", ili ibaki kwenye maandishi. Kisha anasubiri alama za kozi zibandikwe, aone kama ni 11 iliyoingia au bado 9, kwa sababu kusahihisha kijitabu na kusahihisha orodha ya kwenye kompyuta ni kazi mbili, na ya pili husahaulika.