Vipande vya Limau na Kisu Kilichokosa Subira

Mara ya kwanza nilipooka vipande vya limau, wageni walikuwa wameshaketi na chai imeshamiminwa. Nikatoa trei kwenye oveni, nikangoja dakika 15, nikakata. Kilichofika mezani ni uji wa njano juu ya makombo, tukaula kwa vijiko. Utamu ulikuwepo, umbo ndilo lililokosekana.

Chini ya kitafunio hiki kuna biskuti ya siagi, ile wanayojivunia Waskoti, na kipimo chake ni rahisi kukumbuka: sukari moja, siagi mbili, unga wa ngano tatu. Kwa trei ya mraba ya sentimita 20 nachukua gramu 60, 120 na 180. Fikicha mpaka mchanganyiko uwe kama mchanga mbichi, kisha ugandamize kwenye trei uliyoitandika karatasi ya kuokea. Acha karatasi ining'inie pande mbili, utaishika hapo baadaye. Oka kwa nyuzi 170, dakika kama 25, hadi ipate rangi ya dhahabu. Ikibaki nyeupe, itafyonza maji ya limau na kuwa chapachapa.

Ya juu ni mayai 3, sukari gramu 200, unga vijiko vikubwa 3, maji ya limau mililita 120 na ganda la njano lililokunwa. Ndimu pia inafaa. Mimina biskuti ikiwa ingali moto, punguza oveni hadi nyuzi 160, na baada ya dakika 20 itikise trei kidogo. Pembeni patulie, katikati patetemeke kama mtindi. Hapo itoe, hata kama moyo hautaki, kwa sababu mayai yataendelea kushikana kwa joto lililobaki.

Na siagi nayo ina zamu yake. Ikiwa moto ni mafuta tu, haishiki kitu, ndiyo maana biskuti yangu ilimeguka. Ikipoa huganda na kufunga unga pamoja. Majarini laini ya kopo haigandi vizuri hivyo, hata kwenye friji.

Basi iache mezani mpaka trei isiwe na joto hata kidogo, kisha friji kwa saa 3. Usiifunike ikiwa na joto, mvuke utaidondokea. Inua kwa karatasi, chovya kisu kirefu kwenye maji moto, kikaushe, ukishushe wima bila kukereza. Kifute kila baada ya mkato. Anzia katikati, gawa nusu kwa nusu, upate vipande 16. Sukari ya unga inyunyizwe wakati wa kuandaa tu, mapema itayeyuka.

Ukiweka karameli ya maziwa mazito ya kopo na chokoleti juu yake, kupoza ni kulekule, ila chokoleti iliyotoka friji hupasuka ovyo chini ya kisu. Hiyo iache nje dakika 20 kwanza.