Kanuni za kompyuta ya ofisi: adhabu ijulikane kabla ya kosa

Asasi nyingi ndogo nchini Tanzania zina karatasi moja, kwenye faili la utawala, inayoitwa sera ya matumizi ya kompyuta na barua pepe. Ukiisoma utakutana na sentensi ya aina hii: "Mfanyakazi atatumia vifaa vya Tehama kwa uangalifu na kwa manufaa ya asasi, atakayekiuka atachukuliwa hatua kali." Sentensi hiyo haimzuii mtu kufanya lolote. Siku kosa likitokea, haimsaidii mwajiri wala mfanyakazi. Uangalifu ni upi? Hatua kali ni zipi? Kila mmoja atakuja na jibu lake, na litakaloshinda ni la mwenye cheo.

Nataka tuitazame sera hii kupitia tukio moja tu, lile linaloweza kukausha akaunti ya asasi ndogo kwa siku moja: barua pepe ya kubadili namba ya akaunti ya benki.

Tuchukue mfano wa asasi ya maji yenye wafanyakazi tisa. Mzabuni wa pampu ameshaleta ankara ya shilingi 18,400,000 na malipo yamepangwa Ijumaa. Alhamisi jioni mhasibu anapata barua pepe iliyoungana na mazungumzo yaleyale aliyokuwa nayo na mzabuni tangu wiki iliyopita. Jina ni lilelile, nembo ni ileile, namba ya ankara ni sahihi. Ujumbe ni mfupi: akaunti yetu ya zamani iko kwenye ukaguzi, tafadhali lipeni kwenye hii mpya. Mhasibu anaandaa malipo, mratibu anaidhinisha kwa kuwa yuko safarini na anamwamini mwenzake, na fedha zinaondoka. Wiki mbili baadaye mzabuni halisi anapiga simu kuuliza malipo yake.

Tofauti ilikuwepo, ila ni ndogo. Kwenye anuani ya mzabuni kulikuwa na herufi m. Mlaghai alisajili anuani inayofanana nayo na mahali pa m akaandika r na n zikifuatana. Kwenye skrini ya simu, r na n zikisogeleana huonekana kama m kabisa. Wakati mwingine anuani ya mtumaji ni ya kweli, lakini ukibonyeza kujibu, jibu lako linaelekea anuani nyingine. Mhasibu mwenye kazi nyingi hawezi kuyakamata haya kwa macho kila siku, na sera inayomtaka "awe makini" inamtwika mzigo usiobebeka.

Swali zito zaidi ni hili: mlaghai alijuaje namba ya ankara? Mara nyingi ni kwa sababu yuko ndani ya sanduku la barua la mmoja wenu, au la mzabuni, kwa siku kadhaa. Mfanyakazi mmoja alipokea kiungo kinachodai sanduku lake limejaa, akakifungua, akaandika nywila yake kwenye ukurasa wa bandia. Mlaghai akiingia hagusi kitu. Anaweka kichujio kinachopeleka kwake nakala ya kila ujumbe wenye neno "ankara" au "malipo", halafu anasoma na kusubiri. Ukibadilisha nywila baadaye, kichujio kinaweza kubaki palepale na kuendelea na kazi. Kwa wanaotumia Gmail, mahali pa kukitafuta ni kwenye mipangilio, chini ya `Filters and Blocked Addresses` na `Forwarding and POP/IMAP`. Ukiona huko barua zinapelekwa kwa anuani usiyoijua, huenda kuna mtu anasoma barua zenu.

Sasa turudi kwenye karatasi ya sera. Kanuni inayofaa hapa inaandikwa hivi: "Ombi lolote la kubadili akaunti ya malipo lililokuja kwa barua pepe au kwa ujumbe wa simu halitekelezwi mpaka mhasibu ampigie mzabuni kwa namba iliyo kwenye mkataba, si namba iliyo kwenye ujumbe huo, na aandike kwenye hati ya malipo jina la aliyezungumza naye na saa. Anayeidhinisha hatasaini bila kuona maandishi hayo." Mtu yeyote akisoma kanuni hiyo anajua cha kufanya, na baada ya tukio mtu yeyote anaweza kujua kama kilifanyika au la, kwa kuitazama hati ya malipo. Kanuni isiyoweza kukaguliwa namna hiyo ibaki kuwa ushauri, isiwekewe adhabu.

Kipengele cha pili kinahusu yule aliyeandika nywila kwenye ukurasa wa bandia. Wakurugenzi wengi watataka aadhibiwe. Mimi nasema hapana, na nasema hivyo nikijua hasara yake. Ukimwadhibu anayekosea na kusema, watakaokosea baada yake watanyamaza, na wiki mbili za kunyamaza ndizo mlaghai anazozihitaji. Sera iseme wazi: anayetoa taarifa mara tu anapogundua au kushuku hachukuliwi hatua za nidhamu kwa kosa hilo la kubofya, anayeficha, au anayefuta ujumbe ili usionekane, amefanya kosa kubwa. Na itaje jina la cheo cha kupewa taarifa na namba ya simu yake, maana barua pepe ndiyo iliyoingiliwa.

Baada ya hapo zinakuja adhabu, na hapa sheria ya kazi inamhusu kila mwajiri, hata mwenye wafanyakazi watatu. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007, zilizotungwa kuhusiana na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, zinataka anayepima uhalali wa kumwachisha mtu kazi aangalie mambo machache: je, kanuni ilikuwepo na ilikuwa ya haki? Ilikuwa wazi, isiyo na utata? Mfanyakazi aliijua, au ilitarajiwa aijue? Imekuwa ikitumika kwa usawa kwa wote? Na je, kuachishwa kazi ndiyo adhabu inayolingana na kosa? Kosa la kwanza halitoshi kumwachisha mtu kazi, isipokuwa liwe zito kiasi kwamba uhusiano wa ajira hauwezi kuendelea.

Kwa maana hiyo, sera ipange makosa kwa uzito na kuyataja kwa majina. Kuweka programu isiyoidhinishwa au kumaliza bando la ofisi kwa kupakua filamu ni onyo la mdomo linaloandikwa kwenye faili. Kumpa mwenzako nywila yako, au kunakili orodha ya wanufaika kwenye flashi binafsi, ni onyo la maandishi. Likirudiwa ndani ya muda uliotajwa kwenye sera, linakuwa onyo la mwisho. Kulipa kwenye akaunti mpya bila kupiga simu, ilhali umefundishwa kanuni hiyo, kunafikishwa kwenye kikao cha nidhamu. Vivyo hivyo kufungua barua pepe za mwenzako bila idhini, kufuta ushahidi, na kutoa nje taarifa za asasi kwa faida yako.

Kikao chenyewe kina utaratibu. Uchunguzi unatangulia, mfanyakazi anaelezwa tuhuma kwa lugha anayoielewa, anapewa muda wa kujiandaa ambao kwa kawaida haupungui saa 48, na anaruhusiwa kuja na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mfanyakazi mwenzake. Ukimfukuza mhasibu wa mfano wetu Jumatatu asubuhi kwa simu, anaweza kukupeleka Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, na unaweza kushindwa hata kama kosa alilifanya kweli.

Je, zile shilingi 18,400,000 zikatwe kwenye mshahara wake? Sheria ya 2004 haimruhusu mwajiri kujikatia tu. Inabidi hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa la mfanyakazi, aelezwe kwa maandishi chanzo chake na hesabu yake, apewe nafasi ya kupinga, akubali makato kwa maandishi, na makato yote yasizidi robo ya mshahara. Kipengele cha sera kinachosema "hasara yote italipwa na mhusika" hakina nguvu, bora kiondolewe. Na katika mfano wetu mratibu naye aliidhinisha bila kuona uthibitisho wowote. Kama sera inamgusa mhasibu na kumwacha yeye, sharti la usawa limeshavunjwa.

Lipo jambo la ofisi kuchungulia barua pepe za wafanyakazi. Wakurugenzi hudhani kwamba kwa kuwa kompyuta ni mali ya asasi, kila kilichomo ni chao. Kesi inayofundisha sana ni ya Romania. Bogdan Bărbulescu, mhandisi wa mauzo, alifukuzwa mwaka 2007 kwa kutumia akaunti ya ujumbe aliyoifungua kwa ajili ya wateja kuzungumza mambo binafsi. Kanuni ya kukataza matumizi binafsi ilikuwepo na aliijua. Mwajiri alichapisha kurasa 45 za mazungumzo, yakiwemo ya kwake na mchumba wake. Mwaka 2017 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, kwa kura 11 dhidi ya 6, iliona kwamba haki yake ya faragha haikulindwa, mojawapo ya sababu ikiwa ni kwamba hakuwa ameelezwa mapema aina na kiwango cha ufuatiliaji. Hukumu hiyo haifungi mahakama za Tanzania, lakini nasi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayomtaka anayekusanya taarifa za mtu amweleze madhumuni yake. Basi sera iseme: nini kinarekodiwa, nani anaruhusiwa kufungua sanduku la mfanyakazi, kwa sababu zipi, na kwa idhini ya watu wawili, si mmoja.

Matumizi binafsi yenyewe sioni sababu ya kuyapiga marufuku. Mtu kusoma ujumbe wa shule ya mwanawe saa ya chakula si kosa, na kanuni ambayo kila mtu anaivunja, mkurugenzi akiwemo, haiwezi kumwadhibu yeyote kwa haki. Wekeni mipaka inayojulikana, kisha mtumie nguvu zenu kwenye yale yanayoumiza: kila mfanyakazi awe na anuani yake ya ofisi badala ya Gmail moja inayotumiwa na watu watano kwa nywila moja, uthibitisho wa hatua mbili uwashwe kwa wote, na anayeondoka kazini afungiwe akaunti siku hiyohiyo baada ya makabidhiano.

Kama asasi yenu haina karatasi hii, au inayo ile ya "hatua kali", anzeni na kurasa mbili za Kiswahili. Isomeni pamoja kwenye kikao, mbadilishe yasiyotekelezeka, na kila mmoja asaini nakala yake, mkurugenzi akiwa wa kwanza. Mfanyakazi mpya aisome na kuisaini kabla hajapewa nywila.