Kadi Kukatwa Mara Mbili kwa Oda Moja

Pesa ya kadi haihami pale pale mnunuzi anapobonyeza kitufe cha kulipa. Kinachotokea wakati huo ni ombi. Duka la mtandaoni, kupitia kampuni inayolishughulikia malipo na benki inayolitunzia akaunti, huuliza kama benki iliyotoa kadi inakubali kutenga kiasi fulani kwa ajili yake. Ombi hupita kwenye mtandao wa kadi, kama vile Visa au Mastercard, na jibu hurudi kwa njia ileile ndani ya sekunde chache. Benki ikikubali, huzuia kiasi hicho kwenye akaunti na kutoa namba ya idhini yenye tarakimu au herufi 6. Kukata pesa ni hatua nyingine inayokuja baadaye, duka linapowasilisha hesabu zake: pengine usiku uleule, pengine siku mzigo unapotoka ghalani.

Kuzuia na kukata ni vitu viwili, lakini mwenye kadi havioni hivyo. Ujumbe mfupi wa benki hufika mara tu pesa inapozuiliwa, na mara nyingi umeandikwa kana kwamba malipo yamekwisha. Ndiyo maana malalamiko mengi ya kukatwa mara mbili huwa, yakichunguzwa, ni ya pesa iliyozuiliwa mara mbili na kukatwa mara moja. Hilo si faraja kubwa kwa mwenye kadi ya akaunti ya kawaida, na kadi nyingi za Afrika Mashariki ni za namna hiyo. Pesa iliyozuiliwa ni pesa yake mwenyewe, na hadi iachiliwe hawezi kuitumia.

Matokeo ya ukurasa kuganda hutegemea mawasiliano yalikatika wapi. Yakikatika kati ya simu ya mnunuzi na duka kabla ombi halijafika, hakuna kilichotokea, na kurudia malipo hakuna hatari. Yakikatika katikati ya safari, kati ya benki ya duka na benki ya kadi, mifumo ya benki ina namna ya kujisahihisha: upande ulioomba ukingoja jibu hadi muda wake ukaisha, hutuma ujumbe wa kubatilisha ombi lile, na benki ya kadi huachilia pesa iliyozuiliwa.

Tatizo hasa liko kwenye mkatiko wa tatu. Ombi limefika, benki imekubali, duka limepokea jibu, lakini jibu halikumfikia mnunuzi. Ukurasa umebaki ukizungukazunguka, au umekuwa mweupe baada ya kuingiza namba ya uthibitisho iliyotumwa kwa simu. Kwa benki zote mbili kila kitu kimekwenda sawa, kwa hiyo hakuna anayetuma ujumbe wa kubatilisha. Mnunuzi peke yake ndiye asiyejua. Akibonyeza tena, anapeleka ombi la pili lililo halali kama la kwanza, na benki haina sababu ya kulikataa, kwa kuwa mtu anaruhusiwa kununua kitu kilekile mara mbili.

Maduka yaliyotengenezwa vizuri yana kinga dhidi ya hali hiyo. Kila jaribio la malipo hupewa alama ya pekee, ambayo kwa watengenezaji wa mifumo hujulikana kama `Idempotency-Key`. Ombi la pili likija na alama ileile, kampuni ya malipo haikati tena bali hurudisha jibu la mara ya kwanza. Stripe, mojawapo ya kampuni kubwa za kushughulikia malipo ya kadi, hutunza alama hizo kwa angalau saa 24. Lakini kinga hiyo ina mwanya. Alama hufuata jaribio, haimfuati mtu. Mnunuzi akifunga ukurasa, akarudi kwenye kikapu na kuanza upya, au akahamia kwenye simu nyingine, duka huenda likatengeneza oda mpya yenye alama mpya. Hapo mfumo unaona wanunuzi wawili, au mnunuzi mmoja anayetaka vitu viwili.

Mfano wa kubuni unaonyesha namna hesabu inavyokwenda. Akaunti ina shilingi 400,000. Jumanne usiku mwenye akaunti ananunua viatu vya shilingi 185,000; ukurasa unaganda, anangoja dakika tatu, anarudia, na safari hii anaona ujumbe kwamba oda imepokelewa. Simu yake ina ujumbe mbili za benki, kila moja ya 185,000. Akifungua programu ya benki anaona salio la akaunti bado ni 400,000, ila salio linaloweza kutumika ni 30,000. Pengo la 370,000 kati ya salio hizo ndilo linalosema kwamba pesa yote imezuiliwa na hakuna hata shilingi iliyoondoka.

Alhamisi duka linawasilisha hesabu ya oda moja, ile inayoifahamu. Salio la akaunti linashuka hadi 215,000, lakini linaloweza kutumika linabaki 30,000, kwa sababu zuio la kwanza bado lipo. Hakuna atakayelikata, kwa kuwa halina oda nyuma yake. Litaanguka lenyewe muda wake ukiisha, na muda huo hupangwa na kanuni za mtandao wa kadi pamoja na utaratibu wa benki: mara nyingi ni wiki moja hivi, ingawa kwa aina fulani za malipo unaweza kufika siku 30. Likianguka, salio zote mbili zitasoma 215,000, na kwenye taarifa ya akaunti kutakuwa na mstari mmoja tu wa viatu. Zuio halitaandikwa kwamba lilirudishwa, maana pesa haikuwahi kwenda. Wengi hukaa wakisubiri mstari wa marejesho usiokuja, huku pesa yao imekwisha kuachiliwa.

Iwapo salio la akaunti lenyewe litashuka hadi 30,000, hali ni nyingine. Hesabu mbili zimewasilishwa na pesa imetoka mara mbili kweli. Kwenye programu nyingi za benki tofauti hii huonekana kwa neno `Pending` kando ya muamala uliozuiliwa. Likiondoka, muamala umekatwa.

Kabla ya kudai chochote inafaa kuhakikisha kwamba miamala ni miwili kweli. Wakati mwingine benki hushindwa kuoanisha zuio na makato yake, hasa pale kiasi kilichokatwa kinapotofautiana kidogo na kilichozuiliwa, na kwa siku chache vyote viwili huonekana pamoja. Namba ya idhini ndiyo inayoamua: mistari miwili yenye namba moja ni ununuzi mmoja uliooneshwa mara mbili, na yenye namba mbili tofauti ni idhini mbili. Kuna pia duka linalotuma mzigo kwa awamu na kukata kila awamu peke yake. Hapo viasi havilingani, bali jumla yake ndiyo inayolingana na bei ya oda.

Swali linalofuata ni la oda zenyewe. Mnunuzi hutazama barua pepe na akaunti yake dukani aone kama kuna oda moja au mbili. Ikiwa moja, duka limepokea malipo yasiyo na bidhaa, na dai lake halina ubishi. Ikiwa mbili, duka linaamini limeuza jozi mbili, na linaweza kuzituma zote. Ya pili inapaswa kufutwa haraka kabla haijafungashwa. Ikishasafirishwa, suala linakuwa la kurudisha bidhaa, pamoja na gharama na masharti ya kurudisha.

Dai hupelekwa kwanza dukani, si benki, kwa sababu ya mwendo. Duka ndilo lenye uwezo wa kubatilisha muamala ambao haujawasilishwa, na kubatilisha huachilia zuio ndani ya saa chache au siku chache bila kusubiri muda wake uishe. Benki ya mwenye kadi kwa kawaida husita kuondoa zuio peke yake, kwani duka bado lina haki ya kuwasilisha hesabu. Wahudumu wa duka wanahitaji namba ya oda, kiasi, tarehe na saa ya kila muamala, namba mbili za idhini na tarakimu 4 za mwisho za kadi. Hawahitaji namba nzima ya kadi, wala tarakimu 3 za nyuma yake, wala namba ya uthibitisho inayotumwa kwa simu. Kurudisha pesa hakupiti kwenye namba hiyo, na anayeiomba kwa kisingizio hicho anajaribu kuiba.

Makato yaliyokwisha kuwasilishwa hayabatilishwi tena. Duka hufanya marejesho, ambayo ni muamala mpya unaokwenda upande wa pili. Hayo huchukua siku 5 hadi 10 za kazi, na yakichelewa kuna namba ya kufuatilia yenye tarakimu 23, inayofahamika kwa kifupi kama ARN. Duka huipata kwa kampuni yake ya malipo, na benki ya kadi inaweza kuitafuta pesa kwa namba hiyo. Kwa bidhaa iliyolipiwa kwa dola kutoka akaunti ya shilingi, marejesho hubadilishwa kwa kiwango cha siku yanapoingia, kwa hiyo huweza kurudi pungufu au yakazidi kidogo. Zuio lililobatilishwa halina hasara hiyo.

Duka likikaa kimya au likikataa, mwenye kadi hupinga muamala kupitia benki yake. Mtandao wa kadi unaitambua sababu hii waziwazi: kwa Visa ni kipengele 12.6.1, malipo yaliyochakatwa mara mbili, na benki ina siku 120 kuanzia muamala uliposhughulikiwa kuwasilisha madai. Mwenye kadi hapaswi kungoja hadi mwisho wa muda huo, kwani benki nayo inahitaji siku za kuandaa faili. Benki hupokea pingamizi la muamala uliokatwa tu. Ulio kwenye `Pending` hauna cha kupingwa bado. Duka hupewa nafasi ya kujibu, na jibu linaloweza kulishindia ni ushahidi wa oda mbili tofauti zilizofikishwa kwa mteja. Ndiyo maana barua pepe ya oda moja, picha ya ukurasa ulioganda na maandishi ya mazungumzo na duka huwa na uzito kuliko maelezo marefu.

Benki nyingine huweka pesa ya muda kwenye akaunti wakati uchunguzi ukiendelea. Ikitokea duka nalo limerejesha katika siku hizohizo, akaunti inakuwa na marejesho mawili kwa kosa moja, na benki itachukua yake bila kuuliza, hata kama salio limekwisha kutumika. Mwenye kadi anayeona marejesho ya duka yameingia huiarifu benki siku hiyo ili pingamizi lifungwe.