Jukwaa Lishuke Pamoja na Kazi

Siku ya kuondoa jukwaa, hakuna mwenye haraka kuliko mwenye jengo. Amekaa miezi akitazama miti ya mikaratusi imefunika uso wa nyumba yake, na sasa anataka kuona madirisha mapya. Fundi naye anataka miti yake aipeleke kazi nyingine. Haraka hizo mbili zikikutana, jukwaa huangushwa lote asubuhi moja, na jioni mtu anagundua matundu ukutani ambayo hakuna tena pa kusimama ili kuyaziba. Hayo ndiyo madhara madogo. Makubwa ni pale jukwaa linapoegemea nje likiwa na watu juu yake, kwa sababu fundi seremala amekata mti mmoja uliokuwa ukimzuia kuweka fremu.

Naandika nikifikiria majengo ya matofali ya kuchoma ya Bunyakiri na vijiji vinavyofuata barabara ya Hombo: makanisa, shule, nyumba za zamani za wafanyabiashara. Huku jukwaa la chuma ni nadra. Kulileta kutoka Bukavu kupitia Miti na ndani ya mbuga ya Kahuzi-Biega ni gharama ambayo watu wengi hawaiwezi, kwa hiyo tunatumia miti, kamba, waya na misumari. Pia ni nchi ya matetemeko. Lile la 24 Oktoba 2002, lenye ukubwa wa 6.2, lilitokea hapa hapa Kalehe, na lile la 3 Februari 2008 likaipiga Bukavu. Ukuta wa matofali ukitikiswa hupasuka kwanza kwenye pembe za madirisha, kwani hapo ndipo umekatwa. Ndiyo maana kazi ya kujenga upya madirisha na kozi za matofali juu yake inarudi tena na tena katika eneo letu.

Tuchukue jengo la mfano. Uso wake una urefu wa mita 12 na kimo cha mita 7 hadi paani, orofa mbili, madirisha manne juu, matatu na mlango mmoja chini. Linta za mbao zimeoza, na kozi kadhaa juu ya kila dirisha zimelegea. Jukwaa ni la safu moja ya nguzo, zimechimbiwa ardhini kama sentimita 60, kila moja mita 2 kutoka kwa mwenzake, kwa hiyo ni nguzo saba. Kuna ngazi tatu za kusimamia: mita 1.8, mita 3.6 na mita 5.4. Miti mifupi inayobeba mbao ina ncha moja juu ya pau la nje na ncha nyingine ndani ya ukuta, kila baada ya mita moja. Hesabu hiyo inatoa matundu karibu 40 ukutani.

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba jukwaa haliushikilii ukuta. Ni ukuta unaolishikilia jukwaa. Linta inapotolewa, matofali ya juu hubebwa na miti ya kuegemezea inayosimama ndani ya dirisha lenyewe, iliyokazwa kwa kabari, na miti hiyo haitakiwi kuguswa na jukwaa hata kidogo. Fundi akiitegemea mbao anayosimamia ibebe pia matofali, siku ya kushusha mbao matofali yatashuka nayo. Zanzibar ilitufundisha kwa uchungu kwamba jengo huweza kuanguka likiwa mikononi mwa mafundi: sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883, iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 wakati wa ukarabati, na watu wawili wakafa.

Kwa hiyo kabla ya kugusa fundo lolote la jukwaa, kagua kama ukuta umeshaanza kujibeba. Linta mpya ya zege ikae juu ya ukuta angalau sentimita 20 kila upande, na miti iliyo chini yake ibaki kwa wiki mbili. Zege la siku saba lina karibu theluthi mbili tu ya nguvu litakayokuwa nayo siku ya 28. Matofali yaliyojengwa juu ya linta yasipande zaidi ya mita 1.2 kwa siku, maana udongo au chokaa iliyo mbichi chini hukamuliwa na uzito wa juu. Kisha toa kabari za linta moja, taratibu, uache usiku upite. Paka plasta nyembamba yenye ukubwa wa kiganja juu ya kila ufa wa zamani ulio karibu, uandike tarehe juu yake. Plasta ikibaki nzima kwa siku kadhaa, ufa umetulia. Ikikatika, ukuta bado unasogea na jukwaa libaki lilipo.

Sasa twende kwenye kosa ninaloliona mara nyingi kuliko yote. Jukwaa la safu moja halisimami kwa nguzo zake peke yake. Miti mifupi iliyoingia ukutani hubeba uzito, lakini haizuii jukwaa kuchomoka kuelekea nje. Kinachozuia ni vishikio: mti mmoja unalazwa ndani ya nyumba, nyuma ya dirisha, ukiwa mrefu kuliko upana wa dirisha, kisha mti mwingine unatoka nje kupitia dirishani na kufungwa kwenye nguzo. Katika jengo letu la mfano vishikio vya juu vimepita kwenye madirisha manne ya orofa ya juu, na yale ndiyo madirisha seremala anayotaka kuyafanyia kazi. Akifika anaukuta mti njiani, anaukata. Halafu dirisha la pili, na la tatu.

Dawa yake ni kupeana zamu. Dirisha la kwanza na la tatu yajengwe huku la pili na la nne yakiendelea kushikilia. Fremu zikishawekwa, kishikio kirudishwe kupitia ndani ya fremu bila kuigusa. Mti wa ndani uegemee ukuta pande zote mbili, mbali na kingo mpya za matofali ambazo hazijakomaa. Baada ya hapo ndipo dirisha la pili na la nne yafunguliwe. Kwa utaratibu huu fremu zote zinaingia na jukwaa halikosi kishikio hata siku moja, ila vioo na mbao za madirisha ya juu zitangoja. Utalijuaje jukwaa lililopoteza kishikio? Simama kwenye pembe ya jengo, tazama kwa jicho moja kufuata ukuta. Nafasi kati ya nguzo na ukuta ikiwa pana zaidi juu kuliko chini, watu washuke kwanza, maswali baadaye.

Kushusha kwenyewe huanzia juu. Matofali hupanda kutoka chini, lakini umaliziaji unashuka: kufuta uchafu, kujaza viungo, kuziba matundu. Ukiwa kwenye ngazi ya mita 5.4, maliza kila kitu ambacho mkono unakifikia. Fagia mbao zote, kwani tofali moja lililosahaulika litamwangukia mtu. Kisha ondoa mbao za ngazi hiyo, ukiwa umesimama kwenye ile ya mita 3.6, halafu miti mifupi, na kila mti unaotoka huacha tundu linalozibwa wakati uleule, kutoka ngazini. Mapau ya ulalo yanafuata. Kishikio cha dirisha la juu kiondolewe mwisho, baada ya kila kilicho juu yake kushuka. Mishazari ya ngazi za chini isiguswe kabisa. Hakuna kinachorushwa: kila mbao inashuka kwa kamba, na chini pazungushiwe kamba watoto wasipite, hasa kama jengo ni shule.

Kuziba tundu kunaonekana kazi ya dakika mbili, kwa hiyo hupewa kijana asiye na uzoefu, naye hulijaza kwa simenti tupu. Kwenye ukuta wa zamani hilo ni kosa. Matofali ya kuchoma ya kienyeji ni laini na hunywa maji. Kipande kigumu cha simenti katikati yake hakipumui sawa na jirani zake, maji ya mvua hukwama pembeni mwake, na baada ya misimu michache uso wa tofali lililo karibu huanza kubanduka. Tumia kipande cha tofali lililotoka kwenye ukuta huohuo. Kwangua vumbi, lowesha tundu, paka mchanganyiko nyuma na pembeni, sukuma tofali ndani, kisha shindilia viungo kwa kijiti mpaka visimeze tena. Kama ukuta ulijengwa kwa chokaa, tumia chokaa moja kwa mchanga tatu. Kama ulijengwa kwa simenti, basi simenti moja kwa mchanga sita inatosha. Tundu lililoachwa wazi huingiza maji, na nyigu na popo huhamia humo.

Zinabaki nguzo, na hapa miti yetu inatofautiana na chuma. Bomba la chuma hufunguliwa kipande kwa kipande. Mti wa mkaratusi wa mita saba na nusu ni mmoja, na huwa na kilo 50 au zaidi. Ukishaondoa ngazi na vishikio, unabaki na nguzo saba ndefu zinazoshikwa na mapau machache ya chini na udongo. Anayezisukuma zianguke zenyewe huvunja madirisha aliyoyaweka jana. Kwa hiyo, ukiwa bado kwenye ngazi ya juu kabisa, funga kamba karibu na ncha ya kila nguzo na upitishe kamba hiyo ndani kupitia dirisha la juu lililo karibu. Siku ya mwisho watu wawili wanasimama orofani wakishika kamba, wawili wako chini kwenye shina. Nguzo inalegezwa, inalazwa kuelekea nje polepole huku kamba ikiachiwa, halafu inayofuata. Ndiyo sababu nyingine ya kuchelewesha vioo na mbao za juu: seremala atavifunga baadaye akiwa ndani ya nyumba, wala hahitaji jukwaa.

Utaratibu wote huu una mpaka wake. Unarudisha madirisha na kozi zilizolegea, lakini hauufungi ukuta wa mbele na kuta za ubavuni. Kama pembe za jengo zina ufa unaopanda wima toka chini hadi paani, uso mzima umeachana na nyumba, na hapo anahitajika mhandisi kabla ya fundi.

Kwako mwenye jengo: anza Juni, mvua zikipungua, na upange jukwaa liwe limeshuka kabla ya mvua za Septemba kurudi. Matofali mapya yafunikwe kwa shitingi kila jioni. Na usimlipe fundi fedha ya mwisho siku nguzo zinapolazwa. Mlipe baada ya kuzunguka uso wa jengo mkiwa pamoja na kuhesabu matundu yote, mpaka hesabu ifike ile ya miti mifupi iliyoingia ukutani.