Kwenye Pafu la Mbwa, Tafuta Kwanza Mishipa

Mbwa alikuwa jeman shepadi wa miaka 8, na alikuwa amekohoa siku nne mfululizo. Mwenyewe, mama wa makamo aliyemlea tangu akiwa kitoto, aliniambia, "Daktari, anakohoa mpaka halali. Halafu chakula kinamrudia kizima, vilevile alivyokimeza." Nilimpima joto, likafika 39.8, wakati mbwa mzima huwa baina ya 38 na 39 na kitu. Tukamlaza kwa ubavu wa kulia, tukampiga eksirei moja. Mapafu yalionekana karibu safi, nami nikaandika hivyo kwenye kadi yake. Maneno yale ilinibidi niyafute jioni ileile.

Kosa langu halieleweki bila kujua eksirei inaonyesha nini. Hewa hutoka nyeusi, mfupa hutoka mweupe, na nyama, damu na maji yote hutoka kijivu cha aina moja. Pafu limejaa hewa, kwa hiyo ni jeusi, na ndani yake mishipa ya damu huonekana kama matawi ya kijivu yanayotoka kwenye moyo na kuzidi kuwa membamba kuelekea pembeni. Mishipa hiyo inaonekana kwa sababu tu imezungukwa na hewa. Ndiyo maana mtu anayesoma picha ya kifua haanzi kutafuta ugonjwa. Huanza kutafuta mishipa, ajiulize kama bado anaiona.

Kama mishipa iko wazi, lakini kando yake kuna vipete vidogo vyenye kuta nene, na mahali pengine mistari miwili inayokwenda sambamba kama reli, tatizo liko kwenye kuta za vijibomba vya hewa. Pete ni kijibomba kilichotazamwa kwa mdomoni, na reli ni kijibomba hichohicho kilichotazamwa kwa ubavuni. Sura hii hupatikana kwa mbwa mwenye mkamba wa muda mrefu, mwenye mzio, au mwenye minyoo ya mapafu. Ila mbwa mzee pia huwa na mistari ya namna hii bila kuumwa, kwa kuwa kuta za vijibomba vyake zimeingia chokaa kwa umri. Mistari ya uzee ni myembamba na mikali kama imechorwa kwa penseli iliyochongwa. Ya ugonjwa ni minene na kingo zake zimefifia. Tena mbwa anaweza kuwa na mkamba wa kweli na picha yake isionyeshe chochote.

Sura ya pili ni kama kutazama mishipa kupitia chandarua. Ipo, unaweza kuifuata, lakini kingo zake zimepotea. Hapa kilichovimba au kuingiliwa ni tishu nyembamba iliyo baina ya vifuko vya hewa, huku vifuko vyenyewe vikiwa bado na hewa. Hii ndiyo sura inayodanganya kuliko zote, kwa sababu ukungu wa namna hii unaweza kutengenezwa na picha yenyewe. Mbwa akipigwa wakati ametoa pumzi, pafu hupungukiwa hewa na kuwa kijivu. Mbwa mnene hufunikwa na mafuta yake. Njia rahisi ya kujihami ni kutazama nafasi iliyo kati ya moyo na kiwambo, yaani ule msuli unaotenga kifua na tumbo. Ikiwa kiwambo kimeubana moyo, mbwa alikuwa ametoa pumzi, na picha irudiwe kabla mtu hajataja ugonjwa wowote.

Sura ya tatu ni pale mishipa inapopotea kabisa. Vifuko vya hewa vimejaa usaha, maji au damu, na kwa kuwa vitu hivyo vina kijivu kilekile cha mishipa, hakuna tena cha kuitenganisha mishipa na kilicho jirani yake. Hata ukingo wa moyo hufutika pale unapogusana na pafu lililojaa. Kinachobaki kuonekana ni vijibomba vya hewa ambavyo havijajaa, na hivyo hutokea kama matawi meusi ya mti uliopukutika majani katikati ya weupe. Ukiona mti huo, huna haja ya kubahatisha: hewa imetoka kwenye vifuko na kitu kingine kimekaa mahali pake.

Kujua sura ni nusu ya kazi, kwa maana sura si jina la ugonjwa. Nusu ya pili ni mahali ilipo. Kwa mbwa, maji yanayosababishwa na moyo kushindwa kazi hupenda kuanzia karibu na shina la mapafu, juu na nyuma ya moyo. Chakula kilichopaliwa huenda kwingine. Pafu la kulia la mbwa lina mapande manne, na lile la kati linaning'inia chini kando ya moyo, huku kijibomba chake kikielekea chini, kwa hiyo kinachoingia kwa bahati mbaya hutiririka na kuishia humo.

Ndipo nilipoyakumbuka maneno ya yule mama. Chakula kinachorudi kizima bila tumbo kujikaza si matapishi, hakikufika tumboni. Nilimrudisha mbwa mezani, safari hii kwa ubavu wa kushoto, kisha nikampiga akiwa amelala chali.

Kwenye picha ya ubavu wa kushoto, pande la kati la kulia lilikuwa jeupe pale lilipoufunika moyo, na mti mweusi ulikuwa umesimama ndani yake. Picha ya kwanza haikuwa mbovu. Mbwa akilala kwa ubavu, pafu la chini hugandamizwa na kupoteza hewa ndani ya dakika chache, likawa kijivu, na ugonjwa uliomo ukafichika ndani ya kijivu hicho. Pafu la juu ndilo linalojaa hewa vizuri. Ili kuliona pande la kulia sharti mbwa alalie kushoto, nami nilikuwa nimemlaza juu ya ugonjwa wenyewe.

Juu ya moyo kulikuwa na mistari miwili myembamba, na baina yake hewa mahali pasipostahili kuwa na hewa. Lilikuwa umio lililotanuka, limelisukuma bomba la hewa chini. Moyo nao niliupima kwa pingili za uti wa mgongo, urefu wake na upana wake, kuanzia pingili ya nne ya kifua. Ulifika 9.8. Kwa mbwa walio wengi moyo hautiliwi shaka mpaka upite 10.5, kwa hiyo moyo haukuwa na lawama. Alikuwa na nimonia ya kupaliwa, na chanzo chake kilikuwa umio.

Alipewa antibiotiki, na chakula chake kikawekwa juu ya stuli ili ale kichwa kikiwa juu, kisha ashikwe wima robo saa baada ya kula. Siku ya tatu alikuwa amechangamka, lakini sikumpiga picha, kwa sababu eksirei huchelewa nyuma ya mgonjwa: nimonia inaweza kuanza saa nyingi kabla weupe haujatokea, na weupe ukabaki siku nyingi baada ya mbwa kupata nafuu. Picha ya wiki mbili baadaye ilipigwa akiwa amelalia kushoto. Mti mweusi haukuwepo. Mishipa ya pande la kati ilikuwa imerudi, ingawa bado kwa nyuma ya chandarua, kwa kuwa pafu linaloponea hupita kwenye sura ile ya pili kabla ya kuwa jeusi tena. Umio ulikuwa bado umetanuka kama mwanzo, na yule mama aliniuliza kama stuli ile aendelee nayo. Nikamwambia ni ya maisha.