Lebo Inayobadilika Bila Kuharibu Picha

Mteja wa asali amebadili uzito kwenye lebo kwa mara ya nne: gramu 250 sasa ziwe 500. Kama lebo uliikunja moja kwa moja juu ya picha ya chupa, kazi unaianza upya.

Katika Photoshop, kabla hujaikunja, bofya kulia jina la tabaka la lebo, chagua Convert to Smart Object. Ndipo utumie Warp ifuate mviringo wa chupa. Mkunjo hukaa nje. Lebo yenyewe hubaki bapa na safi ndani. Mabadiliko yakija, bofya mara mbili kijipicha cha tabaka, lebo ifunguke kwenye dirisha lake. Andika 500, hifadhi kwa Ctrl+S, kisha rudi: chupa imeshavaa lebo mpya, kwa mkunjo ule ule.

Nakala ndizo huwaponza wengi. Ctrl+J huzaa pacha: ukirekebisha mmoja, mwenzake hufuata. Kwa chupa sita za rafuni, nafuu kubwa. Lakini chupa moja ikiwa ya asali ya nyuki wadogo, yenye lebo yake, tumia New Smart Object via Copy. Nakala hiyo hujitegemea.